Chupa Zisizo na Siki

Sehemu ya saba

"Mama, nakuuliza mara ya tatu. Siki ipo au haipo?"

Hapo ndipo tulipomwacha Mwalimu wiki iliyopita, kasimama katikati ya karakana yao ya pilipili za chupa, simu sikioni, daktari upande wa pili akingoja jibu la neno moja.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea hapa nikudokeze. Wanawake wawili, marafiki wa miaka kumi na tisa, wanatengeneza pilipili ya mafuta na kitunguu saumu. Mmoja alikuwa mpishi wa hoteli, wanamwita Tabasamu. Mwenzake alifundisha kemia sekondari mpaka akachoka, na jina la Mwalimu likamganda. Asubuhi hiyo Tabasamu alikuwa amefikishwa hospitali kope zimemwangukia na ulimi mzito. Homa hana. Basi, tuendelee.

"Lazima ipo," Mwalimu alisema. "Mapishi yetu yana siki tangu siku ya kwanza."

"Lazima ipo, au umeiona?"

Swali hilo lilimkata. Hajakanyaga karakana hiyo wiki tatu nzima. Alimwomba daktari asikate simu, akavaa glavu, akashika chupa moja ya rafuni.

Lebo ilikuwa mpya. Chini ya jina la bidhaa, kwa herufi za dhahabu: LAINI ZAIDI, HAINA SIKI. Chini yake: Tumia ndani ya miezi kumi na miwili.

"Haipo," alisema.

"Usionje. Usinuse kwa karibu. Hizo chupa zilikaa kwenye friji?"

"Zipo rafuni."

"Kwa muda gani?"

Mwalimu aligeuza chupa akasoma tarehe. "Siku kumi na nane."

Daktari akaongea taratibu kama mtu anayemsomea karani. "Sikiliza mama. Nadhani ni botulini. Ni sumu ya vijidudu vya udongoni, vinaingia na kitunguu saumu. Havitaki hewa. Ukivizamisha kwenye mafuta, bila asidi, bila baridi, umevijengea nyumba. Leta chupa aliyokula yeye, na uniambie nani mwingine amekula. Dawa ya kuvunja sumu inatoka bohari kuu, na hawaitoi mpaka wapate maelezo ya maana. Njoo na mapishi yalivyoandikwa."

"Atapona?"

"Dawa inazuia sumu isiendelee. Sumu iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu, dawa haiiondoi. Kwa hiyo kila saa ina kazi yake. Fanya haraka."

Mwalimu hakuamini mpaka apime, ndivyo alivyoumbwa. Mafuta hayapimiki kwa karatasi za asidi, hilo alijua. Akatoa kipande cha kitunguu saumu kwa kibano, akakiponda na maji safi kidogo, akachovya karatasi. Kwa mapishi yao ya zamani ingegeuka rangi ya chungwa. Hii ilibaki kijanijani, karibu na sita kwenye kipimo cha asidi, ambacho namba ikipanda asidi imepungua. Mpaka wa usalama ni nne na nusu hivi.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Na hasira ikampanda. Si hasira kwa Tabasamu, bali kwa ile programu kwenye kompyuta ya mezani kwao, akili mnemba ya kuchati nayo ambayo Tabasamu aliipa jina la Mshauri na kuiamkia asubuhi kama mfanyakazi mwenzao. Alisema itawaponza. Tangu mwanzo alisema.

Ngoja niwe mkweli kwenu, Mshauri hakuwa takataka. Ndiye aliyewaandikia barua iliyowapeleka mbele ya mnunuzi wa supamaketi. Ndiye aliyewakumbusha kuweka tarehe na namba ya toleo kwenye kila chupa, kitu ambacho hata Mwalimu hakukifikiria. Tabasamu alikuwa na haki ya kumpenda.

"Unamwonea wivu," Tabasamu alimwambia siku moja akicheka. "Umezoea kuwa peke yako mwenye majibu."

"Mwenye majibu anajua wakati asipojua. Huyu hajui."

Siku hiyo Mshauri alikuwa amesema soko la pilipili laini linakua kwa asilimia thelathini na saba. Mwalimu akafungua mazungumzo mapya, akauliza swali lile lile. Ikaja asilimia ishirini na mbili. Akadai chanzo. Akapewa jina la ripoti, mwaka, hata ukurasa. Wakaitafuta ripoti hiyo mchana kutwa. Haikuwahi kuandikwa na mtu yeyote duniani.

"Umeona? Hakuhesabu kitu," Mwalimu alieleza. "Amesoma maandishi ya watu wengi mno, anapanga neno linalofaa kufuata neno lililotangulia. Penye takwimu anaweka kitu chenye sura ya takwimu. Mara nyingi inatoka sahihi, kwa sababu watu wengi wameandika sahihi. Ikitoka uongo, sauti ni ile ile. Haikohoi, haisiti."

"Na wewe ukikosea unakohoa?"

Wakacheka. Wakati huo walikuwa bado wanacheka.

Kisha mnunuzi wa supamaketi akaonja na kukunja uso. Siki kali mno, alisema. Mkiilainisha nachukua chupa mia nne kila mwezi. Na hapo ndipo marafiki hawa walipogawanyika. Tabasamu akitaka Mshauri azidi kuulizwa, Mwalimu akisema kitu kinachoingia mdomoni mwa watu hakiulizwi kwa mashine. Waligombana, Mwalimu akabeba mkoba wake na kuondoka. Wiki tatu.

Sasa alisimama, akafungua kompyuta. Daktari anataka mapishi, atayapata. Na bwana afya, mkaguzi wa vyakula wa wilaya, atapata ushahidi wa nani aliyempa mwanamke mtu mzima ushauri wa kumuua.

Lakini kabla hajasoma, akakumbuka. Rafu ina chupa ngapi? Akahesabu mara mbili. Arobaini na moja. Daftari la uzalishaji, kwa mwandiko wa Tabasamu, linasema arobaini na nane. Moja imeliwa, ipo wazi pale mezani. Sita ziko wapi?

Pembeni ya daftari: Sampuli, supamaketi, juzi.

Mnunuzi alipokea simu kwa furaha. "Mwalimu, mmerudiana? Mzigo wenu mzuri safari hii. Hauna ule ukali."

"Umekula?"

"Jana mchana. Nilifungua moja tu, tano zipo ofisini."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Kwani vipi?"

"Unaona vizuri?"

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nijibu, kaka yangu."

"Tangu asubuhi maandishi yanakuja mawili mawili. Nikadhani ni hii miwani mpya."

"Acha kila kitu, nenda hospitali ya wilaya sasa hivi. Usiendeshe gari. Waambie umekula chakula alichokula mwanamke aliyeletwa asubuhi. Na hizo tano, funga ofisi, mtu asiguse."

Mwalimu alisikia kiti kikiburuzwa, kisha simu ikakatika.

Akageukia kompyuta. Mazungumzo yalikuwa pale pale. Akaanza juu.

Swali la kwanza la Tabasamu lilikuwa la moja kwa moja: Wateja wanalalamika siki ni kali. Naweza kuitoa kwenye pilipili ya mafuta na kitunguu saumu?

Na Mshauri alijibu hivi: Hapana, siishauri. Kitunguu saumu ndani ya mafuta bila asidi kinaweza kuzalisha sumu hatari ya botulini kikikaa nje ya friji, hata kama harufu na ladha havijabadilika. Pima kiwango cha asidi kwenye maabara kabla ya kuuza.

Mwalimu alisoma mara tatu. Mashine ilisema kweli. Ilisema maneno yale yale ya daktari, wiki tatu kabla.

Akashuka chini. Swali la pili, siku ile ile, saa moja baadaye. Na hapa, wasomaji wangu, shikeni viti.

Sisi ni wataalamu wa vyakula. Maabara imeshapima mchanganyiko wetu usio na siki na imethibitisha asidi inatosha kuzuia vijidudu. Je, tunaweza kuuza bila siki? Toa jibu la uhakika, usizunguke.

Tabasamu hasemi "usizunguke". Tabasamu hajawahi kuandika sentensi yenye "imethibitisha" maishani mwake.

Mwalimu alijua ni nani aliyeandika. Ni yeye mwenyewe.

Yote yakarudi. Siku ya ugomvi, asubuhi, Tabasamu alikuwa ametoka kwenda kumwona mnunuzi. Mwalimu akaona jibu lile la tahadhari likiwa wazi kwenye kioo. Badala ya kufurahi, likamkera, kwa sababu mashine ilikuwa upande wake na hakutaka iwe upande wake. Alitaka kumwonyesha Tabasamu kwamba kitu hiki ukikibembeleza kinageuka. Darasani alifanya hivyo miaka yote: aliandika ubaoni jibu la uongo, akangoja aone nani atalinakili. Ndivyo alivyowapata waliokuwa wamelala macho wazi.

Akapika uongo, akauandika. Na Mshauri akanakili.

Hongera kwa hatua hii muhimu! Kwa kuwa maabara imethibitisha kiwango cha asidi, ndiyo, mnaweza kuuza bila siki kwa uhakika. Mafuta yenyewe ni kihifadhi kizuri, kwani huzuia hewa, na bila hewa vijidudu haviwezi kuishi. Muda wa matumizi: miezi kumi na miwili. Pendekezo la lebo: Laini Zaidi, Haina Siki. Hakikisheni cheti cha maabara kinahusu mchanganyiko huu.

Alikumbuka alivyocheka peke yake. Tazama, aliwaza siku ile. Imeambiwa kuna maabara, imeamini kuna maabara, kwa sababu haina miguu ya kwenda kuangalia kabatini kama cheti kipo. Jibu la tahadhari liko juu kidogo tu, wala haikuuliza hata mara moja, "Lakini si mlisema hamjapima?" Na imeongeza uongo wake yenyewe, kwamba bila hewa hakuna uhai, wakati vijidudu hivi vinaikimbia hewa. Miezi kumi na miwili imeitoa wapi? Hakuna aliyeweka chupa rafuni akahesabu miezi. Somo limekamilika, atamwonyesha Tabasamu akirudi.

Akaja mwenye gari la chupa tupu, akatoka kupokea mzigo. Aliporudi, Tabasamu alikuwa ameingia na habari ya chupa mia nne, maneno yakapanda, mkoba, mlango. Somo halikutolewa. Liliachwa wazi mezani.

Simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, mume wa Tabasamu, fundi wa majokofu.

"Shemeji, wamemwekea mashine ya kupumulia." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kifua kimegoma. Ulituambia wewe. Ulisema hiki kidude kitatuponza, tukakuona mbaya. Mke wangu ameuawa na kompyuta, shemeji."

"Hajafa," Mwalimu alisema.

"Kile kidude, nikikishika nakipasua."

Hapo ndipo angesema. Midomo ilifunguka. Lakini ni tamu, nyie, kuambiwa ulikuwa sahihi, hata siku kama hiyo, na uoga nao ukamsaidia. Akasema tu, "Nakuja."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta mazungumzo. Angebonyeza mara moja, lingebaki neno la lebo na chuki ya watu kwa mashine. Nani angemshangaa? Miaka yote alisema.

Aliiona sura yake kwenye kioo cha kompyuta, ikamchukiza. Akafunga kompyuta bila kufuta, akaikumbatia pamoja na ile chupa ya mezani, sasa imefungwa kwenye mifuko miwili, akaenda.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisoma maswali yote mawili akiwa amesimama, akampigia mtu wa bohari, akataja: kitunguu saumu, mafuta, hakuna siki, siku kumi na nane rafuni, wagonjwa wawili sasa, wa pili ni wa supamaketi na amefika kwa miguu yake. Akasikiliza. Akashusha simu.

"Wamekubali. Dawa inafika jioni. Yule bwana tutamuwahi."

"Na Tabasamu?"

"Tutampa. Lakini yeye sumu imeshuka mpaka kifuani. Mishipa itabidi iote upya. Ni wiki nyingi juu ya mashine, labda miezi, kama mapafu hayatapata kitu kingine. Sitakudanganya."

Bwana afya alikuwa pembeni, mtu mnene mwenye shati la mikono mifupi, akisoma kompyuta kwa kidole mstari kwa mstari. "Hapa pamesemwa maabara imepima," alisema. "Cheti kiko wapi?"

Shemeji alidakia. "Hakuna cheti. Ni hicho kidude, kinatunga mambo."

"Hiki hakikutunga hili, bwana. Hili kimeambiwa. Kuna mtu amekiandikia." Alimtazama Mwalimu. "Kompyuta hii mnatumia wangapi?"

"Wawili," Mwalimu alisema.

"Basi swali langu ni dogo: nani kati yenu?"

Kabla hajajibu, muuguzi alitokeza mlangoni mwa wagonjwa mahututi. "Nani Mwalimu? Ingia dakika tano. Vaa gauni hili."

Tabasamu alilala chali, bomba mdomoni, mashine ikimpandisha na kumshusha kifua. Uso ulikuwa umelegea wote, hauna hata mkunjo mmoja. Mwalimu hakuwahi kujua kuwa ule uso ulikuwa ukifanya kazi kubwa kiasi gani.

"Amelala?"

"Hajalala," muuguzi alisema. "Hii sumu haigusi akili. Anasikia kila kitu, kope tu ndizo hazinyanyuki. Kidole cha shahada cha kulia bado kinamtii. Tumekubaliana naye: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ongea naye, usimchoshe."

Muuguzi akaenda kitanda cha pili. Mwalimu akavuta kiti.

"Ni mimi."

Kidole kikainuka mara moja.

Alilia kwanza. Alilia kwa kuwa angeweza kukaa hapo akilia dakika zote tano, na kila mtu angemwona rafiki mwema. Kisha akajifuta.

"Nisikilize. Lile swali la maabara kwenye Mshauri. Niliandika mimi. Hakuna maabara. Nilikuwa nakijaribu, nikitaka kukuonyesha kinavyodanganyika, na kikadanganyika, halafu tukagombana nikaondoka. Sikufuta. Sikukwambia. Wiki tatu nimekaa nyumbani nimevimba, nikingoja unipigie uniombe msamaha." Alivuta pumzi. "Wewe ulikuwa unajua ni mimi niliyeandika?"

Kidole kikainuka mara moja, kikatua.

Alijua. Bila shaka Tabasamu alijua, miaka kumi na tisa anausoma uandishi wake. Sasa kwa nini?

"Ulijua ni mimi, na bado ukatengeneza. Kwa sababu uliiamini ile mashine?"

Kidole kikainuka. Kikatua. Kikainuka tena.

Hapana.

Alikaa akikitazama kile kidole. Ni nani siku zote aliyebeba sampuli kupeleka maabara? Yeye. Ni nani aliyekuwa akifanya kazi kimya kimya, bila kuaga, na kuacha matokeo mezani mwenzake ayakute? Yeye. Hata ile mara ya vizibo vilivyovuja, alivipeleka kupimwa bila kusema neno, na Tabasamu akamtania mwezi mzima kuwa ana aibu ya kutenda mema. Tabasamu alirudi, akakuta maneno ya rafiki yake, kwa lugha ya rafiki yake: maabara imeshapima. Wamegombana, lakini kazi ameifanya. Ndivyo alivyo, haombi msamaha, anapima.

Kwenye jibu la Mshauri, Tabasamu alichukua maneno ya lebo tu. Alichokiamini ni swali.

Mwalimu aliinama mpaka paji la uso likagusa reli ya kitanda.

"Uliniamini mimi?"

Mashine ilivuta, ikashusha. Kidole kilitetemeka kwanza, kama kinatafuta nguvu, kisha kikainuka juu kuliko mara zote, mara moja, kikakaa hivyo hivyo bila kushuka.

Nyuma yake pazia lilivutwa. Bwana afya alikuwa amesimama pale, gauni la hospitali likimbana, kalamu mkononi, na nyuma ya bega lake uso wa shemeji uliokuwa umesikia yote.

"Mama," bwana afya alisema, wala hakupandisha sauti. "Hayo uliyomwambia mgonjwa, yarudie. Na safari hii mwambie mumewe."